Noti zilizonuka solusheni

Baba alikuwa fundi baiskeli. Kijiwe chake kilikuwa barazani petu, Barabara ya 12, Ngamiani. Mwaka mmoja baada ya kumzika nilitaka kumwandikia kisa kifupi, mistari michache tu, ili asiyemjua naye amwone. Usiku wa kwanza niliandika hivi: "Baba yangu alihangaika sana kunisomesha. Alijinyima ili mimi nipate. Ndugu zangu, tuwathamini wazazi wetu wangali hai."

Nikamsomea dada yangu mkubwa, ukumbini, naye anachambua mchele. Hakuinua macho. "Maneno mazuri, mdogo wangu," akasema, "lakini hata jirani anaweza kumwandikia baba yake hayo hayo. Baba yetu yuko wapi hapo?"

Iliniuma, maana nilikuwa nimeyaandika huku nalia.

Kesho yake nilichukua daftari, nikaandika tu vile ambavyo mkono, pua na sikio langu bado vinavikumbuka: beseni la bati lenye maji meusi, msasa uliochakaa, harufu ya solusheni kwenye vidole vyake wakati wa kula, kopo la maziwa ya unga alimowekea hela. Ukurasa ulipojaa, harufu ile ikawa inanirudisha kila mara kwenye asubuhi moja ya mwaka 2003, siku niliyokwenda kuanza kidato cha kwanza Lushoto. Nikaamua kuandika asubuhi hiyo peke yake na kuiacha miaka yote mingine.

Hapo nikakosea kwa upande wa pili. Nilitia kila kitu: uji wa mama, kofia ya baba, kengele za baiskeli, rangi ya sanduku langu. Dada aliponisikiliza akauliza, "Hiyo kofia ilipotea?" Haikupotea. Nilikuwa nimeitaja mara mbili, naye akaishikilia akingoja itokee tena. Nikaiondoa, na uji nao ukaenda, ingawa niliuonea huruma.

Kilichonisumbua zaidi ni maneno ya baba. Nilikuwa nimemwandikia hotuba nzima ya kuniaga, kuhusu elimu na maisha. Dada akacheka kwa upole. "Baba huyu huyu? Aliyekuwa akijibu salamu kwa kichwa?" Kweli, asubuhi ile nilimsikia akisema neno moja tu. Nikaifuta hotuba, nikaliacha neno lake. Mwishoni nilikuwa nimeandika, "Ndipo nikaujua upendo wa baba." Nilikaa na sentensi hiyo siku mbili, nikiiogopa kuifuta, kwa sababu ndiyo iliyokuwa kweli kuliko zote moyoni mwangu. Lakini nilipoisoma kwa sauti, nilisikia noti zikipoteza harufu. Nikaikata.

Kilichobaki ni hiki:

"Basi la Lushoto lilikuwa la saa mbili asubuhi. Baba alikuwa amechutama mbele ya beseni, anauzungusha mpira wa ndani majini, anatafuta mapovu. Akaliona tundu, akalipangusa, akalikwangua kwa msasa, akapaka solusheni. Kisha akangoja. Sanduku langu lilikuwa mlangoni. Akaigusa solusheni kwa kidole, bado mbichi. Akangoja tena. Alipokwisha kubandika kiraka na mwenye baiskeli akalipa, aliichanganya hela ile na iliyokuwa kwenye kopo, akanipa. 'Hesabu,' akasema. Ndani ya basi konda alizipokea noti zangu, akazinusa, akanitazama."

Ile "akangoja" niliiandika mara mbili kwa makusudi. Fundi anayebandika kiraka kabla solusheni haijakauka, pancha humrudia siku hiyo hiyo, na baba hakuwahi kumharakishia mtu kazi, hata siku ambayo basi la mwanawe lilikuwa linanguruma stendi. Nilitamani kulieleza hilo ndani ya kisa. Nikaona beseni na kidole vinatosha.

Nilimsomea dada mara ya tatu. Safari hii hakuwa na mchele mkononi. Alinyamaza kitambo, akavuta kanga yake begani.

"Zilikuwa za mia tano," akasema. "Zote za mia tano. Mimi ndiye niliyekuwa nazipanga kwenye kopo."

Nikachukua kalamu, nikaandika: "noti zangu za mia tano."