Hisa za wiki moja: gharama ndiyo inayoamua nikae nazo siku ngapi

Barazani kwetu Ng'ambo, kila anayezungumzia hisa ana ushauri uleule: nunua zilizoanguka wiki hii, uza wiki ijayo, kamisheni siku hizi si kitu. Kununua zilizoanguka nakubali. Hilo la kamisheni linaniudhi, kwani ndilo linalomaliza fedha za watu.

Nafanya kwenye hisa kubwa za Marekani, zile za faharasa ya S&P 500. Jumanne soko likifunga, saa tano usiku kwetu (saa sita wakati wa baridi yao), nazipanga kwa mabadiliko ya siku tano, nikitoa kwanza wastani wa sekta ya kila moja. Iliyoanguka kwa ripoti ya mapato naiacha, maana hiyo mara nyingi huendelea kushuka. Nanunua Jumatano, karibu na kufunga. Siku hiyo ya kungoja si uvivu. Hisa iliyoanguka mara nyingi bei yake ya mwisho ni ile wanayotoa wanunuzi. Kesho yake ikiuzwa kwa bei wanayotaka wauzaji, huonekana imepanda na wala haijapanda. Ukijaribu mbinu kwenye kompyuta bila kuruka siku, utahesabu faida usiyoweza kuipata.

Sasa tupige hesabu ya mfano. Tuseme hisa hizi huupita wastani wa soko kwa asilimia 0.30 wiki ya kwanza na 0.08 ya pili, kwa kuwa mrejeo, yaani kupanda tena kwa hisa iliyoanguka, hufifia upesi. Gharama ya kuingia, au ya kutoka, tuiite G. Kukaa wiki moja kunabakisha 0.30 kutoa 2G. Kukaa mbili kunabakisha 0.38 kutoa 2G, yaani 0.19 kutoa G kwa kila wiki. Njia hizi hulingana G ikiwa 0.11. Chini ya hapo wiki moja ni bora. Juu yake, wiki mbili. G ikifika 0.15, wiki moja haibakishi kitu.

Chukua dalali anayetoza angalau dola 1 kwa oda. Mtaji wa dola 10,000 ukigawanywa kwa hisa 50, kila moja ni dola 200, na dola hiyo 1 ni asilimia 0.5: umeshaliwa. Ukigawa kwa hisa 10 ni asilimia 0.1, ongeza 0.02 ya nusu ya pengo kati ya bei ya wanunuzi na ya wauzaji, G ni 0.12. Ndiyo maana mimi nakaa wiki mbili.

Wiki hizo mbili zikitimia na hisa bado imo katika 50 zilizoanguka zaidi kwenye orodha yangu, siiuzi. Kuiuza ili ninunue mwenzake wa hali ileile ni kulipa G mara mbili bure. Na kila oda naandika bei niliyopata na bei ya katikati ya pengo wakati naituma, kisha naongeza kamisheni. Wastani wa G hiyo ukivuka 0.19, wiki mbili nazo hazibakishi kitu, sinunui tena.