Beti mbili za sayari: kumbukumbu ya mradi wangu

Muhula ulipofunguliwa

Ninachotafuta ni beti ambazo mtoto wa darasa la tano au la sita ataghani bila kushika daftari, na akifika mwisho awe amezitaja sayari zote nane kwa mpangilio kuanzia iliyo karibu na Jua. Mwalimu wa sayansi anayemfundisha mpwa wangu amenipa dakika chache za mwisho za kipindi chake nijaribie humo. Mimi si mwalimu, ni mpenzi wa tenzi tu.

Njia inayowajia wengi ni kutunga sentensi ambayo kila neno linaanza na herufi ya sayari. Nilitunga hii: "Zamani Zena dukani mwake mliuzwa zabibu, unga, ndimu." Watoto waliipenda, hasa huyo Zena. Tulipowapa karatasi waandike sayari zenyewe, wengi wakaanza hivi: Zohali, Zuhura, Dunia, Mshtarii, Mirihi, Zebaki. Ukizikagua herufi, zote zipo mahali pake. Ukikagua mpangilio, ni vurugu.

Tatizo haliko kwa Zena. Kwa Kiswahili mfuatano wa herufi ni Z, Z, D, M, M, Z, U, N. Sayari tano kati ya nane zinagawana herufi mbili, kwa hiyo herufi inamwambia mtoto kwamba hapa pana Z, ila haimwambii ni ipi. Yeyote anayetaka kusaidia kumbukumbu kwa lugha yetu itabidi aweke majina yenyewe, mazima, ndani ya anachokitunga.

Kupiga makofi

Majina yakiwa mazima, swali linakuwa la mizani. Nilichagua umbo la utenzi: mshororo wa mizani nane, mishororo minne kwa ubeti, mitatu ya kwanza ina kina kimoja na wa nne una kina chake kinachorudi kila ubeti. Sayari nane, beti mbili za minne minne. Ingekuwa vigumu kuomba hesabu nzuri kuliko hiyo.

Kuna jambo lingine linalosaidia. Sayari nne za kwanza, yaani Zebaki, Zuhura, Dunia na Mirihi, kila moja ina mizani mitatu. Ubeti wa kwanza unapata mwendo mmoja bila kulazimisha: jina mitatu, yanabaki matano ya kusema kitu kuhusu sayari hiyo. Vina haviwezi kukaa kwenye majina, maana yanaishia ki, ra, a, hi, na mpangilio hauruhusu kuyahamisha. Basi jina linatangulia, kina kinabebwa na maelezo. Rasimu ya kwanza ya ubeti huo ilikuwa hivi:

Zebaki, Jua jirani,
Zuhura ni tanurini,
Dunia, kwetu nyumbani,
Mirihi, vumbi la kutu.

Mshororo wa Mirihi ndio ninaoupenda kuliko yote, kwa sababu ni kweli tupu. Wekundu wa Mirihi unatokana na vumbi lenye madini ya chuma yaliyoungana na oksijeni, na hicho ndicho kinachotokea kwenye bati la choo cha shule. Mwalimu aliwatoa nje wakaligusa bati, wakarudi na vidole vyekundu. Hakuna aliyeusahau mshororo huo tena.

Zuhura inaleta shida

Mshororo wa pili ulinisumbua. Watoto kadhaa waliughani ubeti wakianza na Zuhura, kisha Zebaki, na sikio halikushtuka hata kidogo. Mishororo yote mitatu inaishia -ni, hivyo ukibadilishana nafasi kina hakivunjiki. Kina kinalinda mwisho wa mshororo, hakilindi nafasi yake.

Lakini kwa nini wabadilishe hiyo miwili tu, wasibadilishe Dunia? Nilimuuliza mmoja, akanijibu kama mtu anayefafanua jambo lililo wazi: "Tanuri si ndiyo ya karibu na Jua, mjomba?" Alikuwa anafikiri, tena vizuri. Kilicho karibu na moto ndicho cha moto zaidi. Zuhura ndiyo inayovunja kanuni hiyo. Juu ya ardhi yake joto linafika kama nyuzi 465 za Selsiasi, usiku na mchana, wakati Zebaki iliyo karibu zaidi na Jua hufika kama 430 mchana na usiku hushuka chini ya sifuri kwa zaidi ya nyuzi 150. Zebaki haina anga la maana la kuhifadhi joto. Zuhura ina anga zito la kabonidayoksaidi linalolizuia joto lisitoke.

Kwa hiyo neno "tanurini" lilikuwa sahihi kisayansi na baya kwa kazi ya mshororo, kwa kuwa lilimvuta mtoto kwenye nafasi ya kwanza. Nimeliondoa. Sasa ni "Zuhura, wingu usoni." Mizani ni ile ile, kina ni kile kile, na pia ni kweli: mawingu yake yameifunika sayari nzima, uso wake hauonekani kwa darubini ya kawaida. Habari ya joto mwalimu anaisimulia akiwauliza wingu hilo linafanya nini. Tangu hapo "jirani" limebaki kuwa la Zebaki peke yake, na kule kubadilishana kumepungua sana.

Ubeti wa pili

Huku majina ni marefu. Mshtarii nimelihesabu mizani minne: M-shta-ri-i. Uranusi minne. Zohali mitatu. Nilihitaji kina kinachokubali maneno mafupi, nikakipata kwenye "-ke":

Mshtarii, doa lake,
Zohali na pete zake,
Uranusi, kombo lake,
Neptuni, mwisho kwetu.

Doa la Mshtarii ni dhoruba pana kuliko Dunia yetu, inayozunguka huko kwa vizazi na vizazi. Kombo la Uranusi ni kule kulala ubavu: mhimili wake umeinama kama nyuzi 98, kiasi kwamba inalizunguka Jua ikiwa imejilaza. Watoto wakifika hapo wanainamisha kichwa hadi begani. Hatukuwafundisha hivyo, mmoja alianza, darasa zima likafuata. Kuhusu pete, msichana mmoja alinibana kwamba kitabu chao kinasema sayari kubwa zote nne zina pete. Ni kweli. Ila za Zohali ndizo zinazoonekana kwa darubini ndogo, nyingine ni hafifu mno, basi mshororo umebaki.

Neptuni ilinichukua muda. Mwanzo niliandika "Neptuni, mwisho wa zetu", nikihesabu Ne-ptu-ni, mizani mitatu. Darasa lilipopiga makofi, kofi lilizidi moja. Kinywa cha mtoto wa Kiswahili hakiiachi hiyo "p" ipite bure. Anatamka Ne-p-tu-ni, kama anavyotamka da-f-ta-ri, na wengine wanaiongezea kabisa "u" ikawa Ne-pu-tu-ni. Vyovyote vile ni makofi manne. Katika ghani makofi ya darasa ndiyo hakimu, hivyo nikafupisha upande wa pili: "mwisho kwetu." Kina cha "-tu" kimeungana na "kutu" ya Mirihi, utenzi ukafungika.

Majina haya mawili ya mwisho yanatoka mbali kwa sababu sayari zenyewe zilichelewa kujulikana. Uranusi aliitambua William Herschel kwa darubini mwaka 1781, na Neptuni ilionwa Berlin mwaka 1846 baada ya Mfaransa Le Verrier kukokotoa mahali inapopaswa kuwa. Mabaharia na wanajimu wa kale hawakuwa nazo, wakati Zuhura na Zohali wanazijua tangu enzi.

Pumzi katikati

Kati ya beti mbili tumeweka kimya. Wanaghani "vumbi la kutu", wanavuta pumzi, wanapunga mkono mmoja kama anayetupa kokoto, ndipo wanaingia kwenye Mshtarii. Hapo ndipo ulipo ukanda wa asteroidi. Kimya hicho kina kazi nyingine pia: tukichukua umbali wa Dunia na Jua kuwa 1, Mirihi iko kwenye 1.5 na Mshtarii iko kwenye 5.2. Hakuna mrukio kama huo kati ya sayari nne za kwanza. Kimya kirefu mahali pa nafasi kubwa, na mtoto anajua kuwa ametoka kwenye sayari za mawe na kuingia kwenye majitu.

Namna ya kupima kama beti zimeingia kweli si kuwasikia wakiziimba pamoja. Darasa zima likighani, wanne wanaojua wanawabeba arobaini. Tunauliza katikati: "Kabla ya Zohali kuna nini?" Wengi wanarudi Zebaki na kukimbia kimyakimya midomo ikichezacheza hadi wafike. Jibu ni sahihi lakini ni la mtu anayejua wimbo, bado hajaujua mpangilio. Kinachosaidia ni kugawa darasa pande mbili, kila upande mshororo mmoja kwa kupokezana, kisha kubadilisha nani aanze. Siku nyingine wanaanzia Neptuni kurudi nyuma. Kinyumenyume vina vinakaa vibaya, na hilo linawalazimisha kufikiri.

Pluto, na majina mengine

Baba mmoja alimsikiliza mwanawe nyumbani, akatuma ujumbe kuuliza tumeipeleka wapi Pluto. Yeye alisoma tisa. Agosti 2006, Umoja wa Kimataifa wa Wanaastronomia ulikutana Praha ukaiweka Pluto kwenye kundi la sayari kibete, kwa sababu haijaisafisha njia yake miongoni mwa vitu vingine vinavyozunguka huko. Nilimjibu hivyo, na kwa siri nilishukuru, maana sayari ya tisa ingenidai ubeti wa tatu wenye mshororo mmoja.

Kwa walimu ambao vitabu vyao vinatumia majina tofauti, nimeandaa mishororo ya kubadilisha. Wanaosema Utaridi badala ya Zebaki watumie "Utaridi wa jirani." Wanaosema Jupita watumie "Jupita na doa lake." Yote ni mizani nane. Wanaoandika Mshtari kwa "i" moja waongeze "na": "Mshtari na doa lake." Ninachowasihi ni kuchagua jina moja na kubaki nalo darasa zima, maana nimeona mtoto akighani Utaridi na Zebaki katika ubeti mmoja, akapata sayari tisa na kuniambia kuwa Pluto imerudi.