Presi ya jeki ya tani 20: pampu moja, milimita moja

Kila nilipotakiwa kubadilisha beringi ya gurudumu la mbele ilibidi nifunge safari na chuma chake mkononi hadi gereji yenye presi ya kusukumia beringi, nisubiri zamu, nilipe, halafu nirudi. Wapo wanaomaliza kazi hiyo kwa nyundo na kipande cha bomba, na beringi zao huanza kulia mapema. Nikaamua kujichomelea presi, nguvu itoke kwenye jeki ya chupa ya tani 20 niliyoinunua ikiwa imetumika. Ilikuwa inavuja, kwa hiyo kabla ya kitu kingine niliifungua nibadilishe sili. Nikiwa nimeifungua nilichukua vernia nikaipima, na vipimo hivyo ndivyo vilivyoamua presi yote ikaeje.

Jeki ya chupa ina pistoni mbili. Ndogo ni ile ya pampu, inayopanda na kushuka ukipiga mpini. Kubwa ndiyo inayonyanyua mzigo. Kwenye yangu pistoni ya pampu ina kipenyo cha milimita 12, na silinda kubwa kwa ndani ina milimita 60. Angalia kwamba nimepima ndani ya silinda, pale sili inapokaa. Ule mti unaong'aa unaotokeza juu ni mwembamba zaidi, na ukiupima huo hesabu yako itakuja pungufu, maana mafuta yanasukuma uso wote ulioshikwa na sili.

Sitini ni mara 5 ya 12, lakini nguvu haizidi mara 5. Kinachohesabika ni eneo la uso wa pistoni, na eneo hufuata kipenyo mara kipenyo: 5 mara 5, yaani 25. Mafuta yaliyofungiwa hugandamiza kila sentimita ya mraba kwa kiasi kilekile popote yalipo. Pistoni ndogo ina sentimita za mraba 1.13, kubwa ina 28.3. Ukiisukuma ndogo kwa kilo 800, kubwa inasukumwa kwa kilo 20,000. Ndizo zile tani 20 zilizoandikwa ubavuni.

Hizo kilo 800 zinatoka kwenye mpini. Kutoka egemeo hadi pini ya pistoni ndogo ni milimita 30, na kutoka egemeo hadi ninaposhika ni milimita 600, kwa hiyo mpini peke yake unazidisha mara 20. Zidisha 20 kwa 25 upate 500. Kilo 40 za mkono wangu ni tani 20 juu ya jeki.

Malipo yake yako kwenye mwendo. Pistoni ndogo ikishuka milimita 25 inasukuma mafuta kidogo sana, na mafuta hayohayo yakienda kutandazwa chini ya pistoni yenye eneo mara 25 yanaiinua milimita 1 tu. Wakati huo mkono wangu umesafiri nusu mita. Mara 500 ya nguvu, sehemu moja ya 500 ya mwendo. Nikawa na rula ya bure: kila pampu kamili ni milimita moja, na pampu ikitoa pungufu ya hapo bila mzigo, kuna hewa ndani au gololi ya valvu haikai vizuri.

Fremu niliijenga kwa kufuata hilo. Kama kila milimita inanigharimu pampu nzima, sina ruhusa ya kuacha pengo la sentimita 10 kati ya presi na kazi. Nguzo nilizitoboa matundu mengi yaliyo karibu karibu, meza inapandishwa na kuzuiwa kwa pini, na vipande vya chuma vya unene tofauti vinajaza pengo linalobaki. Boriti ya juu ni chaneli mbili za milimita 140 zilizopeana mgongo, upana kati ya nguzo nusu mita. Jeki inakaa wima juu ya boriti inayotembea, inasukuma boriti ya juu, na ile ya chini inashuka kuisukuma kazi iliyo mezani. Springi mbili zinairudisha. Jeki za aina hii hazigeuzwi kichwa chini, kwa sababu pampu itavuta hewa badala ya mafuta.

Jeki ilikuja na tundu la geji lenye plagi, nikafunga geji inayofika bar 1,000. Kijana ninayemfundisha alipiga pampu kadhaa, akaniuliza, "Fundi, hii geji nzima kweli? Mbona haisogei?" Ilikuwa nzima. Pampu haitengenezi mgandamizo, inasukuma mafuta tu. Mgandamizo unakuja pale mzigo unapokataa kusogea. Pampu za mwanzo zinakula ulegevu wa pini na springi, sindano iko karibu na sifuri; chuma kikigusa chuma, inaruka.

Kazi ya kwanza ilikuwa beringi ya mbele ya Toyota IST, imeshikwa na kutu. Nilikaza hadi geji ikasoma bar 250. Bar moja ni kilo 1.02 kwa kila sentimita ya mraba, kwa hiyo zidisha kwa 28.3: tani 7.2 hivi. Mkononi hesabu inasema kilo 14 na kitu. Uhalisia ni zaidi kidogo kwa sababu sili na pini zinakwaruza. Hapo nikaacha kupiga mpini, nikasogea pembeni na kusubiri. Fremu iliyokazwa hivyo imejivuta na kuhifadhi nguvu, na kutu ikiachia yote inatoka mara moja. Ilipasuka kwa mlio wa risasi na sindano ikaanguka. Ndiyo maana mbele ya kazi nimeweka bamba la chuma, na hakuna anayeinama kuchungulia.

Beringi mpya iliingia kwa bar 80 hadi 100, tani mbili na nusu hivi, nikisukuma ukingo wake wa nje ili gololi za ndani zisibebe mzigo. Sindano ikipanda ghafla kabla beringi haijafika mwisho, imeingia upande: legeza, ipange upya. Ikipanda ghafla mwishoni, imekaa.

Jeki ikianza kushuka yenyewe chini ya mzigo, mimi huangalia mpini kwanza. Mpini ukipanda wenyewe, gololi kati ya pampu na silinda kubwa ina uchafu na mafuta yanarudi kwenye pampu. Mpini ukitulia huku mzigo unashuka, tatizo ni valvu ya kuachia au sili kubwa. Na ikikoma kabla ya kufika juu, mafuta yamepungua: kwenda sentimita 15 silinda inahitaji karibu nusu lita. Ongeza mafuta ya haidroliki, usiweke ya breki, yatazivimbisha sili hizi.

Wateja huniambia ningeweka ya tani 50. Kwa mgandamizo uleule wa mafuta silinda yake ingekuwa na kipenyo cha milimita 95, eneo karibu mara 63 ya pistoni ya milimita 12. Pampu moja ingesogeza milimita 0.4. Beringi inayoingia kina cha milimita 40 sasa naisukuma kwa pampu 40. Kwa ile ningepiga 100, kwa kazi inayohitaji tani mbili na nusu.