Ninavyosikiliza muziki Mwanza bila kumaliza bando

Kabla ya kugusa mpangilio wowote nilipiga hesabu. Chukua kilobiti kwa sekunde, zidisha kwa 0.45, utapata MB za saa nzima. Kwenye Spotify, ubora wa sauti wa Low ni kilobiti 24, Normal 96, High 160 na Very high 320. Kwa hiyo saa moja ya Low hula MB 11 hivi, Normal 43, High 72, na Very high 144. Anayesikiliza saa mbili kwa siku kwenye High anamaliza GB 4.3 kwa mwezi. Kwenye Low haifiki MB 650.

Kinachowaponza wengi ni Automatic. Mtandao ukiwa mzuri, kama mjini Kirumba au Nyamagana, nayo inapandisha ubora, na bando linakwenda kimyakimya. Mimi niliingia Settings, kisha Media quality, nikachagua Low mwenyewe kwa data ya simu, na High kwa waifai. Low husikika hafifu kwenye spika kubwa, hasa matoazi, lakini ndani ya daladala yenye kelele hutaona tofauti. Anayejali sauti akae kwenye Normal.

Nyimbo ninazozirudia nazipakua kwa waifai, na Download over cellular naiacha imezimwa. Kupakua muziki kunahitaji Premium; podikasti unaweza kuzipakua hata bila kulipia. Kabla ya kupanda meli ya Nansio, safari ya saa tatu hivi, naangalia alama ya kijani ya mshale kwenye kila wimbo, si kwenye orodha tu. Simu iliyo kwenye hali ya kubana betri inaweza kusimamisha upakuaji katikati, na orodha ikabaki nusu.

Baada ya hapo nawasha Offline mode. Usipoiwasha, orodha ikiisha programu itaendelea kucheza nyimbo inazopendekeza yenyewe, na hizo zinatoka mtandaoni. Jambo jingine: Spotify hutaka uingie mtandaoni walau mara moja kila siku 30, la sivyo ulivyopakua havitachezeka.

Podikasti zina tabia yake. Ukitumia programu kama AntennaPod, unapokea faili lilelile alilopandisha mtayarishaji, hivyo hakuna kitufe cha kupunguza ubora. Kipindi cha dakika 45 kwa kilobiti 128 ni MB 43, uwe unakisikiliza mtandaoni au unakipakua. Akiba inatokana na kupakua kwa waifai tu. Na vipindi vyenye video, ambavyo sasa vimejaa, chagua sauti peke yake. Picha ndiyo inayokula zaidi.

Kujua kama mpangilio umeshika, fungua matumizi ya data kwenye mipangilio ya simu, andika MB za programu hiyo, sikiliza saa moja kwa data, kisha angalia tena. Ikiwa Low imeongeza MB 40, bado uko kwenye Normal au kuna video inacheza nyuma.