Jinsi nilivyoelewa tangazo la nyumba ya kupanga Italia

Nikitafuta nyumba Torino, kila mara kodi ilizidi niliyoisoma, na nilipotaka vyumba viwili vya kulala nilionyeshwa kimoja. Kutafsiri kwa simu hakukusaidia. Vifupisho vilibaki vilevile.

Basi nikaandika tangazo moja kwenye daftari, nikalichambua neno kwa neno:

```
Bilocale 50 mq, risc. centr., € 550 + 120 spese cond.
```

"Bilocale" ni sebule na chumba kimoja cha kulala. Jiko la pembeni na bafu havihesabiwi. "Mq" ni mita za mraba, na mara nyingi kuta na sehemu ya baraza zimo humo. "Spese cond." ni gharama za jengo: usafi wa ngazi, taa, lifti. Kwa hiyo kila mwezi ni yuro 670.

Kilichonifungua macho ni "risc. centr.", yaani joto la pamoja la jengo. Nikamwuliza wakala: "Il riscaldamento è compreso nelle spese?", yaani joto limo katika gharama hizo? Akajibu ndiyo. Nyumba nyingine ilikuwa 550 + 40, lakini "risc. aut.": gesi ya kupasha joto ungejilipia mwenyewe. Nikaomba pia hesabu ya jengo ya mwaka uliopita, "consuntivo", kwa sababu ile 120 ni makadirio, na pungufu hudaiwa baadaye. Nikasaini.