"Kushiriki shughuli za ununuzi"

Jioni hii mdogo wangu kaniletea wasifu wake na tangazo la kazi ya ugavi. Mwisho wa kutuma maombi ni kesho.

Tangazo linataka kuendesha zabuni, kujadiliana na wasambazaji, na mfumo wa stoo.

Wasifu una mstari mmoja tu: "Kushiriki shughuli za ununuzi." Miaka 4 yote imelala humo!

"Zabuni ulifanya nini hasa?"
Kumbe ndiye aliyekuwa akiandaa nyaraka na kuzipandisha NeST, ule mfumo wa serikali wa zabuni mtandaoni.

"Na wasambazaji?"
Akacheka. "Kaka, yule wa matairi alikuwa analeta mzigo wote kwa mkupuo, stoo inafurika. Nikambembeleza alete kidogo kidogo kila mwezi, bei ileile. Na hiyo naandika?"

Andika, bwana!

Tumekwama kwenye stoo. Yeye ni mtu wa leja na bin kadi, mfumo wa stoo wa kompyuta hajaugusa. Alitaka tudanganye, nikakataa. Wakimwuliza kiwango cha kuagiza upya kinawekwaje humo, atatoa macho. Tumeandika alichofanya: kuhesabu mali kila mwezi na kulinganisha na leja.

Neno "kushiriki" kalifuta mwenyewe, taratibu, kama anaaga.

Watu wa ugavi, hapo kwenye stoo mngeandikaje?