Kigoda kilichogoma kutaja ujazo wake

Nilitaka jambo moja tu: kujua kigoda nilichokuwa nakichora kwenye SketchUp, programu ya kuchora maumbo ya pande tatu, kingekuwa na uzito gani, maana mwenyewe alikuwa mtoto wa dada yangu na angekibeba huku na huko. Programu hukupa ujazo. Ukiuzidisha kwa uzito wa mita moja ya ujazo ya mbao, kazi imekwisha.

Nilichora mstatili wa milimita 400 kwa 300, nikashika Push/Pull, zana ya kuvuta na kusukuma nyuso, nikauvuta 25. Upande wa chini nikachora miraba minne ya 40 kwa 40, iliyoingia kidogo kutoka pembeni, nikaivuta mmoja mmoja milimita 375. Nikavikusanya vyote kuwa kundi, nikafungua Entity Info, dirisha la maelezo ya umbo. Umbo lililofungika vizuri huandikwa Solid Group, na ujazo wake chini. Langu liliandikwa Group, basi.

Nilikizungusha kila upande. Hakuna tundu, na nyuso zote zilikuwa nyeupe, hakuna hata moja iliyogeuza mgongo wake wa kijivu nje. Nikaishuku mistari pale mguu unapokutana na ubao, nikaingia ndani ya kundi na kupitisha Eraser, kifutio. Ubavu wa mguu na upande wote wa chini vikatoweka! Ukingo ukiufuta, nyuso zinazoushikilia huondoka nao. Nikabonyeza Ctrl+Z haraka.

Mwishowe nikauficha uso wa juu kwa Hide, nikachungulia ndani kama mtu aliyefunua sufuria. Mdomo wa kila mguu ulikuwa umezibwa na mraba.

Hapo nikakumbuka ile alama ya kujumlisha iliyokuwa kando ya kishale wakati navuta. Nilikuwa nimebonyeza Ctrl, mazoea ya kazi nyingine, na Ctrl huambia Push/Pull iache uso wa mwanzo palepale na kuanzisha mpya. Kwa hiyo kila ukingo wa mraba ulishikwa na nyuso tatu: ya chini ya ubao, ya ubavu wa mguu, na kile kizibo. Umbo likiwa safi, kila ukingo hushikwa na nyuso mbili tu; ya tatu ikiingia, programu haijui tena ndani ni wapi na nje ni wapi.

Nikabofya kizibo kimoja, uso wenyewe bila kingo zake, nikabonyeza Delete. Mguu ukafunguka hadi chini. Nikafuta vilivyobaki, nikarudisha uso wa juu kwa Unhide, nikatoka kwenye kundi. Solid Group, milimita za ujazo 5,400,000. Kwa mbao ya kilo 600 kwa mita moja ya ujazo, ni kilo 3 na robo.

Kizito kwa mtoto yule. Nikasukuma nyuso mbili za kila mguu milimita 10 kwenda ndani, safari hii mkono wa kushoto nikiwa nimeuweka pajani, mbali na Ctrl. Ujazo ukashuka hadi 4,350,000, na uzito ukawa kilo 2.6.